Lini tufungue mashine, lini tuiache isage: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchunguza tofauti za gharama

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wahasibu, wasimamizi wa zamu na wenye viwanda vidogo hapa Arusha na Moshi. Majibu yote yanatumia mfano mmoja, ili namba ukizizoea mwanzoni zikusaidie hadi mwisho. Bei na viwango vya mfano ni vya mfano tu, kwa hiyo weka vya kwako.

## Mambo ya mwanzo

1. Tunaposema "tofauti" tunamaanisha nini, na mfano wenyewe ni upi?

Tofauti ni pengo kati ya kile kiwango kilichowekwa kinasema kingetokea na kile kilichotokea kweli. Mfano wetu ni kiwanda kidogo cha sembe kilichoko Njiro, Arusha. Kinakoboa na kusaga tani 10 za mahindi kwa siku, siku sita kwa wiki. Kiwango chake kinasema kila kilo 100 za mahindi zitoe kilo 78 za sembe, na zinazobaki ni pumba, pamoja na vumbi na maji yanayopotea njiani. Hiyo 78 tutaiita utoaji.

Utoaji ukishuka kwa pointi moja, kilo 100 zilizopaswa kuwa sembe siku hiyo zimekwenda kwenye pumba. Tuchukulie kwamba bei ya kilo ya sembe inaizidi ya kilo ya pumba kwa shilingi 700. Pointi moja basi ni shilingi 70,000 kwa siku. Kumbuka namba hiyo, maana karibu kila jibu linarudi kwake.

2. Kwa nini tusichunguze kila siku utoaji unapokuwa chini ya 78?

Kwa sababu karibu nusu ya siku utakuwa chini ya 78 hata kama hakuna kilichoharibika. Gunia la Kiteto si sawa na gunia la Babati. Asubuhi yenye ukungu huyapa mahindi unyevu kidogo, mtu wa mizani anasoma kwa haraka, na punje za msimu huu ni ndogo kuliko za mwaka jana. Hizi ni sababu nyingi ndogondogo ambazo hakuna hata moja unayoweza kuinyooshea kidole. Zipo siku zote.

Sababu za pili ni zile zenye jina: chekeche la mashine ya kukoboa limetoboka, mizani imepoteza usahihi, au shehena iliyonunuliwa ina unyevu mwingi. Hizi hujitokeza kwa vipindi, na ukizipata unaweza kuziondoa. Kazi yote ya kuamua uchunguze au uache ni kukisia siku ya leo ni ya kundi lipi. Ukimwita fundi kwa sababu za kundi la kwanza, atafungua mashine, hatakuta kitu, na utalipa. Mbaya zaidi, atakaza hiki na kulegeza kile ili aonekane amefanya kazi, na mashine iliyokuwa nzima itaanza kuyumba.

3. Sisi tuna sheria yetu: tofauti ikizidi asilimia 5, tunachunguza. Haitoshi?

Sheria hiyo ni rahisi kuikumbuka, lakini haijui chochote kuhusu kitu inachokipima. Asilimia 5 ya 78 ni pointi 3.9, kwa hiyo mtasubiri hadi utoaji ushuke chini ya 74.1. Chekeche likitoboka, katika mfano wetu utoaji hushuka kwa pointi 1.5 hivi. Hilo ni tundu la shilingi 105,000 kila siku, na sheria yenu italipita bila kulisalimia.

Wakati huohuo bili ya umeme ya kiwanda hichohicho inaweza kupanda na kushuka kwa asilimia 10 mwezi hadi mwezi kwa sababu ya idadi ya siku za kazi tu. Sheria ileile itawapigia kelele kila mara. Kitu kinachoyumba kidogo kinahitaji mipaka myembamba, na kinachoyumba sana kinahitaji mipaka mipana. Upana huo lazima upimwe kwenye kitu chenyewe.

## Mipaka ya udhibiti

4. Mipaka ya udhibiti ni nini?

Ni mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini ya wastani, inayoonyesha namba zingetembea wapi kama sababu ndogondogo za swali la 2 ndizo pekee zinazofanya kazi. Aliyeanzisha chati ya namna hii ni Walter Shewhart, mwaka 1924, alipokuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu Marekani. Wahasibu wa gharama waliichukua baadaye, kwa sababu swali lao na la fundi wa kiwandani ni lilelile: je, hiki ni kitu kipya au ni mtikisiko wa kila siku?

5. Naihesabuje bila kuwa mtaalamu wa takwimu?

Chukua utoaji wa siku 20 au zaidi ambazo unaamini mashine ilikuwa nzima. Tafuta wastani. Kisha tafuta mruko, yaani umbali kati ya siku moja na inayofuata, bila kujali kama umepanda au umeshuka. Siku sita za kwanza za mfano wetu ni 78.4, 77.6, 78.9, 78.0, 77.3 na 78.5. Miruko yake ni 0.8, 1.3, 0.9, 0.7 na 1.2.

Tuseme kwa siku zote 24 za rekodi wastani wa utoaji ni 78.1 na wastani wa miruko ni 0.9. Zidisha wastani wa miruko kwa 2.66, unapata 2.4. Mpaka wa chini ni 78.1 kutoa 2.4, yaani 75.7, na wa juu ni 80.5. Kwenye Excel, kama utoaji uko safu ya B kuanzia mstari wa 2, mistari mitatu inatosha: wa kwanza ni mruko, unauandika C3 na kuuburuta hadi C25, na miwili inayofuata ni mpaka wa chini na wa juu.

```
=ABS(B3-B2)
=AVERAGE(B2:B25)-2.66*AVERAGE(C3:C25)
=AVERAGE(B2:B25)+2.66*AVERAGE(C3:C25)
```

Hiyo 2.66 ni 3 iliyogawanywa kwa 1.128. Kugawanya wastani wa miruko kwa 1.128 kunakupa sigma, kipimo cha kawaida cha mtawanyiko. Kwetu 0.9 kwa 1.128 ni 0.8, na mipaka yetu ni sigma tatu kila upande.

Nawasihi mtumie miruko badala ya kubofya kitufe cha mtawanyiko wa siku zote kwa pamoja. Kama ndani ya siku 24 kuna wiki moja ambayo mashine ilikuwa mbovu bila ninyi kujua, kitufe kile kitaimeza wiki hiyo na kupanua mipaka, na ubovu utahesabiwa kuwa kawaida. Miruko haidanganyiki kirahisi hivyo, kwa sababu wiki mbovu huongeza mruko mkubwa mara mbili tu: siku ya kuingia na siku ya kutoka.

6. Kwa nini sigma tatu, si mbili?

Namba zikitawanyika kwa umbo la kengele, ndani ya sigma tatu zinaingia asilimia 99.7. Mashine nzima itakupa kengele ya uongo, yaani siku inayovuka mpaka bila ubovu wowote, mara 3 hivi katika siku 1,000. Kwa sigma mbili zinaingia asilimia 95, kwa hiyo kengele za uongo ni siku moja katika 22, zaidi kidogo ya mara moja kwa mwezi wa kazi.

Sigma tatu ni desturi nzuri ya kuanzia, lakini haikujua uchunguzi wako unagharimu shilingi ngapi. Jibu la 10 linaonyesha kwamba katika mfano wetu inachelewa mno.

7. Mwenye kiwanda anataka mpaka wa chini uwe 80, kwa sababu ndiyo lengo lake. Nimwambieje?

Mwambie kwa heshima kwamba lengo na mpaka ni vitu viwili. Lengo ni anachokitaka. Mpaka ni kile mashine yake, kwa mahindi anayonunua, inachoweza. Ukiweka 80 kuwa mpaka, karibu kila siku itakuwa ya kengele, na kengele inayolia kila siku watu huacha kuisikia.

Kama wastani wa kweli ni 78.1 na yeye anahitaji 80, hilo halitatuliwi kwa kuchunguza tofauti za kila siku. Linatatuliwa kwa kubadilisha kitu kikubwa: aina ya mashine, aina ya mahindi, au weupe wa sembe anayoiuza. Hiyo ni hesabu ya uwekezaji, na ina karatasi yake. Kinyume chake nacho ni kweli: kiwango cha zamani kikibaki 76 baada ya mashine kuboreshwa, kila siku itaonekana njema hata chekeche likiwa na tundu.

## Gharama ya kuchunguza na fedha unayotarajia kuokoa

8. Nitajuaje kama uchunguzi utalipa?

Unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni C, gharama ya kuchunguza. Kwetu kufungua mashine ya kukoboa kunamtaka fundi wa shilingi 60,000 na kusimamisha kazi nusu siku, ambako tunapoteza faida ya shilingi 150,000. Jumla ni 210,000. Mara nyingi nakuta watu wameandika ile 60,000 peke yake, kwa sababu ndiyo yenye risiti.

Ya pili ni L, hasara utakayoizuia kama kweli kuna ubovu. Usiihesabu kwa mwaka mzima, kwa sababu ubovu ungegundulika wenyewe siku ya matengenezo ya kawaida. Sisi tunafanya matengenezo kila baada ya wiki sita, yaani siku 36 za kazi, hivyo kwa wastani zimebaki siku 18. Kwa shilingi 105,000 kila siku, L ni 1,890,000.

Ya tatu ni P, uwezekano kwamba ubovu upo kweli. Ukichunguza unalipa C kwa hakika, na unaokoa L mara ile tu ubovu unapokuwepo. Kwa hiyo uchunguzi unalipa pale ambapo:

```
P > C / L
```

Yaani 210,000 kugawanywa kwa 1,890,000, ambayo ni asilimia 11. Ukiamini kuna uwezekano unaozidi mmoja kati ya tisa kwamba chekeche limetoboka, kufungua kunalipa.

Angalia namba hiyo inavyobadilika. Zikiwa zimebaki siku tatu tu kufikia matengenezo, L ni 315,000 na P inayotakiwa inapanda hadi asilimia 67, kwa hiyo karibu kila mara ni afadhali kusubiri. Ukiweza kumpata fundi Jumapili kwa 80,000 wakati mashine imelala, inashuka hadi asilimia 4. Tofauti ileile, siku mbili tofauti, na maamuzi mawili tofauti. Hakuna asilimia 5 itakayokuonyesha hilo.

Na kama fundi wako hukosa ubovu uliopo mara 2 kati ya 10, zidisha L kwa 0.8 kwanza. P inayotakiwa inakuwa asilimia 14.

9. Mbona hukuhesabu bei ya chekeche jipya?

Kwa sababu chekeche lililotoboka litabadilishwa tu, leo au siku ya matengenezo. Gharama utakayoilipa kwa vyovyote haiingii kwenye uamuzi wa leo. Inaingia pale ambapo usipochunguza usingeilipa kabisa, kwa mfano ubovu ambao hakuna matengenezo yoyote yangeugundua. Hapo itoe kwanza kwenye L, ndipo ugawanye.

10. P naipata wapi? Mbona inaonekana kama kubahatisha?

Inatoka kwenye daftari lako la matengenezo, ukilisoma pamoja na chati. Tuseme rekodi zinaonyesha kwamba katika kila siku 100 za kazi, siku 5 hivi mashine ilikuwa ikitembea na chekeche bovu. Leo utoaji umeshuka chini ya 76.5, yaani sigma mbili chini ya wastani.

Zifikirie siku hizo 100. Katika zile 95 za mashine nzima, asilimia 2.3 hushuka chini ya 76.5 kwa mtikisiko wa kawaida, ambazo ni siku 2.2. Katika zile 5 za chekeche bovu wastani umehama hadi 76.6, hivyo asilimia 45 hivi ya siku huangukia chini ya 76.5, ambazo ni siku 2.25. Siku zote za chini ya 76.5 ni 4.45, na kati yake 2.25 ni za ubovu wa kweli. P ni karibu asilimia 50.

Asilimia 50 iko juu sana ya ile 11 tuliyoihitaji. Kwa hiyo kwa gharama hizi kusubiri mpaka wa sigma tatu, yaani 75.7, ni kuchelewa. Chekeche likitoboka, kwa siku moja kuna uwezekano wa asilimia 13 tu wa kushuka chini ya 75.7, na kengele italia baada ya siku nane kwa wastani. Kwa 76.5 italia baada ya siku mbili hivi. Zile siku sita za katikati ni zaidi ya shilingi 600,000 zinazouzwa kama chakula cha mifugo.

11. Je, sasa nishushe mipaka hadi P iwe asilimia 11 kamili?

Ukiendelea na hesabu, kwenye mfano wetu utafika karibu na utoaji wa 77. Siku ikisoma 77, P ni asilimia 11 hivi. Lakini mimi sikushauri uitumie 77 kufungulia mashine, kwa sababu kila mashine nzima ingefunguliwa takriban mara mbili kwa mwezi, na hesabu ya P > C / L inasahau njia ya tatu: kungoja kesho.

Kungoja siku moja kunagharimu P mara 105,000. P ikiwa asilimia 11 ni shilingi 11,550, na kwa bei hiyo unapata namba ya kesho. P ikiwa asilimia 50 kungoja ni 52,500, na hapo subira inaanza kuuma. Kuna njia bora kuliko kungoja, nayo iko kwenye jibu linalofuata.

12. Kuna njia ya kuchunguza bila kusimamisha mashine?

Ipo karibu kila mara, na hili ndilo ningependa kila anayesoma ukurasa huu alichukue. Uchunguzi hauna sababu ya kuwa kitendo kimoja kikubwa. Ugawe, anza na kipande cha bei ndogo.

Hili sikulisoma popote, nilionyeshwa. Nilikuwa nimekuja na chati yangu kumtaka fundi afungue mashine, naye akachota pumba kwenye bomba kwa mkono, akaniambia, "Dada mhasibu, shika kwanza." Tukaichunga kwa chekeche la jikoni juu ya gazeti. Vumbi la kahawia likapita, na juu zikabaki chenga nyeupe, vipande vya moyo wa punje vikubwa kama kichwa cha kiberiti. Pumba ya mashine nzima huacha ganda na vijicho vya punje, chenga nyeupe ni chache. Chenga zikiwa nyingi, kuna tundu zinakopitia. Kazi yote ilichukua dakika kumi.

Weka dakika kumi hizo kuwa shilingi 5,000. Gawanya kwa L, unapata karibu robo tu ya asilimia moja. Kwa hiyo kipimo cha pumba kinalipa karibu wakati wowote. Utaratibu tunaoutumia sasa ni huu: utoaji ukishuka chini ya 77, kwanza tunakagua daftari la mizani kama kuna gunia lililosahaulika, kisha tunachunga pumba. Chenga zikionekana nyingi, tunamwita fundi siku hiyohiyo. Zisipoonekana, tunaendelea kusaga na kurudia kesho. Mashine inafunguliwa bila kusubiri chenga pale tu utoaji unaposhuka chini ya 75.7, kwa sababu hapo huenda kuna ubovu mwingine ambao pumba haiuonyeshi.

## Hali zinazosumbua

13. Siku zote ziko ndani ya mipaka, ila zote ziko chini ya wastani. Nifanye nini?

Hesabu zimefuatana ngapi. Mashine nzima ina nusu kwa nusu ya kuwa chini ya wastani siku yoyote. Siku nane mfululizo chini ya wastani hutokea mara moja katika 256, na hiyo ni nadra ya kutosha kuitwa kengele hata kama hakuna siku iliyovuka mstari. Ndivyo chekeche linavyochakaa: matundu yake hupanuka taratibu, na utoaji huhama kwa robo pointi, kisha nusu. Anza na kipimo cha jibu la 12.

14. Tofauti njema nayo ichunguzwe?

Ndiyo, na kwa hesabu ileile. Utoaji ukivuka 80.5, usifurahi kabla ya kuiona sembe yenyewe. Imekuwa na vidoa vya ganda? Basi pumba inaingia kwenye unga, na mteja wa jumla ataurudisha. Sababu nyingine ya kawaida ni mahindi yaliyomwagwa kwenye mashine bila kupita mizani. Na mara chache ni habari njema ya kweli, kama shehena yenye punje nene. Hapo tafuta ilinunuliwa wapi.

15. Mnunuzi alipata mahindi kwa bei nafuu, ila utoaji umeshuka. Nani aulizwe?

Tofauti ya bei na tofauti ya utoaji zichunguzwe pamoja, kwa sababu mara nyingi ni kitu kimoja. Kiwango cha Afrika Mashariki cha punje za mahindi huweka ukomo wa unyevu kuwa asilimia 13.5. Tuseme mwanzoni mwa mavuno mnunuzi amepata tani 10 zenye unyevu wa 16, akalipa 780 badala ya 800 kwa kilo. Ripoti inampongeza kwa tofauti njema ya shilingi 200,000.

Mahindi hayo yakikauka hadi 13.5 yanabaki kilo 9,711. Kilo 289 zilikuwa maji, na kwa shilingi 800 ni 231,200. Kiwanda kimepoteza 31,200, na lawama ikamwangukia msimamizi wa mashine ambaye hakufanya kosa. Kipima unyevu cha mkononi kwenye mlango wa ghala kinaumaliza mgogoro huu kabla haujaanza.

16. Tunasaga shehena moja wiki nzima. Mbona kengele zinalia kila Jumatatu?

Kwa sababu siku za shehena moja zinafanana kama ndugu. Miruko kati yake ni midogo, mipaka inatoka myembamba, na shehena mpya ikiingia Jumatatu inaonekana kama ajali. Mbinu ya jibu la 5 inadhani kila siku inasimama peke yake. Hapa fanya shehena ndiyo nukta ya chati: utoaji mmoja kwa kila shehena, na miruko kati ya shehena na shehena. Utahitaji muda mrefu zaidi kukusanya nukta 20. Ndani ya shehena, kipimo cha pumba kiendelee kila siku.

17. Ripoti yetu ni ya mwezi. Haitoshi?

Kwa kazi hii haitoshi. Chekeche likiwa bovu siku 5 kati ya 26, wastani wa mwezi unashuka kwa pointi 0.3 tu. Kwenye ripoti hiyo ni 77.8 badala ya 78.1, na hakuna atakayeinua macho. Kumbe shilingi 525,000 zimeondoka. Siku njema na siku mbaya zikijumlishwa hufutana, na ubovu unajificha katikati. Ripoti ya mwezi iende kwa mwenye kiwanda, lakini chati ya siku ibandikwe ukutani karibu na mizani.

18. Nahisi namba zinasawazishwa ili zisivuke mpaka. Nitagunduaje?

Hutokea pale ambapo kengele ikilia mtu anakaripiwa. Karani anaona leo ni 76, anasogeza magunia mawili ya sembe ya kesho yaje leo. Alama yake ni namba zinazopishana: juu, chini, juu, chini, zaidi ya bahati. Alama nyingine ni siku nyingi zinazoponea chupuchupu ile 77 ya jibu la 12, yaani 77.0 na 77.1, na karibu hakuna 76.9. Linganisha na hesabu ya magunia yaliyoingia ghalani, ambayo huandikwa na mtu mwingine. Kisha acheni kukaripia kwa ajili ya namba, la sivyo karani atajifunza njia nyingine.

19. Tumefungua, hatukukuta kitu. Tumepoteza fedha?

Mmelipa 210,000, na hilo lilikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo: P ikiwa asilimia 50, nusu ya mara mtakuta mashine nzima, na bado kufungua kulikuwa sahihi. Usiuhukumu uamuzi kwa siku moja. Andika kwenye daftari tarehe, utoaji wa siku, pumba ilionekanaje na fundi alikuta nini. Baada ya mara kumi utajua kama ile "siku 5 kati ya 100" ya jibu la 10 ni ya kweli. Kama fundi amekuta ubovu mara mbili tu kati ya kumi, P yako ni asilimia 20, bado juu ya 11 lakini karibu nayo, na mwezi ambao matengenezo yako jirani utaiacha mashine isage.

Na fundi akibadilisha kitu chochote kikubwa, usiendelee na mistari ya zamani. Kusanya siku 20 mpya, hesabu upya wastani na miruko, na uandike tarehe ya mabadiliko juu ya chati kwa kalamu nyekundu.